Bomba la Nyaya Linapopata Joto

Waya wa umeme unaobeba mkondo hupata joto, na hilo si kasoro. Shaba hupinga kidogo mkondo unaopita ndani yake, na upinzani huo hugeuka joto. Waya wa milimita mraba 2.5, ambao ndio hutumika kwa soketi na viyoyozi vingi majumbani, ukibeba ampea 11 hutoa takriban wati moja ya joto kwa kila mita. Kwa kuwa sakiti moja ina waya wa kwenda na wa kurudi, hizo ni wati mbili na kidogo kwa mita. Waya ukiwa peke yake, joto hilo hutoka bila taabu. Lakini sakiti tatu au nne zinapopitishwa kwenye bomba moja la plastiki, na bomba lenyewe likalazwa juu ya dari chini ya mabati, joto hukosa pa kukimbilia. Mtu akigusa bomba kama hilo saa tisa alasiri hulikuta lina joto, na swali linalofuata huwa moja: je, ni joto la kawaida au ni la hatari?

Mkono peke yake haujibu swali hilo. Ganda la plastiki la PVC linalofunika nyaya za kawaida limetengenezwa kuvumilia shaba yenye joto la nyuzi 70 za Selsiasi kwa miaka mingi. Kwa hiyo bomba linaweza kuwa la moto kiasi cha kumfanya mtu auondoe mkono haraka, na nyaya za ndani zikawa bado salama. Kinyume chake pia hutokea. Bomba linaweza kuwa vuguvugu tu kwa nje huku nyaya za katikati ya fungu, zisizogusa ukuta wa bomba, zikiwa zimepita kipimo. Ili kujua ukweli zinahitajika namba tatu: idadi ya sakiti zenye mzigo ndani ya bomba, joto la hewa mahali bomba lilipo, na ampea zinazopita kwa hakika wakati wa matumizi makubwa.

Kwanza, hata hivyo, ni lazima kuhakikisha kwamba joto linatoka kwenye nyaya. Bomba lililo sentimita chache chini ya bati lililopigwa na jua litakuwa la moto hata kama umeme umekatika tangu asubuhi. Njia nyepesi ya kutofautisha ni kuligusa alfajiri, kabla ya viyoyozi kuwashwa, kisha kuligusa tena alasiri na kulinganisha na bomba jingine la jirani lisilo na mzigo. Jambo la pili ni kufuata urefu wa bomba kwa mkono. Joto linalotokana na msongamano wa nyaya huenea kwa usawa, mita baada ya mita. Joto lililokusanyika mahali pamoja, hasa karibu na boksi la kuungia au soketi, karibu kila mara ni skrubu iliyolegea au muungo mbaya. Ugonjwa huo una tiba nyingine kabisa, na hakuna hesabu ya majedwali itakayouonyesha.

Mafundi wengi wa Afrika Mashariki wamefundishwa kwa majedwali ya kanuni za Uingereza, BS 7671, na ndiyo yanayotumika katika mfano unaofuata. Majedwali hayo yanasema kwamba waya wa shaba wa 2.5 wenye ganda la PVC, ukiwa ndani ya bomba ukutani, hubeba ampea 24. Namba hiyo imekaririwa na wengi, na hapo ndipo makosa yanapoanza, kwa sababu imefungwa na masharti mawili ambayo aghalabu husahaulika: bomba liwe na sakiti moja tu, na hewa inayolizunguka isizidi nyuzi 30. Katika hali hiyo, ampea 24 huipandisha shaba kwa nyuzi 40, kutoka 30 hadi 70. Sharti lolote kati ya hayo likivunjika, namba 24 haifai tena mpaka ipunguzwe.

Kupunguza hufanywa kwa kuzidisha. Kwa msongamano, sakiti mbili ndani ya bomba moja huipunguza namba ya mwanzo kwa kuizidisha na 0.80, sakiti tatu, 0.70, nne, 0.65, sita, 0.57. Zikifika tisa, kila waya unaruhusiwa nusu tu ya ilichoandikiwa. Kinachohesabiwa hapa ni sakiti na wala si idadi ya nyaya. Waya wa moto na nyutro yake ni sakiti moja, na waya wa ethi hauhesabiwi kwa kuwa kwa kawaida haubebi mkondo. Kwa joto la mahali, hewa ya nyuzi 35 ina namba 0.94, nyuzi 40 ina 0.87, nyuzi 45 ina 0.79, na nyuzi 50 ina 0.71. Namba hizi za joto hazikuokotwa tu. Zinatokana na nafasi iliyobaki kati ya joto la hewa na kikomo cha nyuzi 70: hewa ikiwa nyuzi 50, zimebaki nyuzi 20 tu badala ya 40. Nafasi imebaki nusu lakini ampea hazishuki kwa nusu, kwa sababu joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo.

Kanuni hiyo ya mraba ndiyo ufunguo wa suala zima. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa huongezeka mara nne. Mkondo ukipungua hadi asilimia 70, joto hushuka mpaka karibu nusu. Ndiyo maana waya ulio karibu na kikomo chake huharibikiwa kwa nyongeza ndogo ya mzigo, na ndiyo maana kupunguza ampea kidogo tu huleta nafuu kubwa.

Mfano unaofaa ni wa nyumba ya wageni ya chini, isiyo na ghorofa, jijini Dar es Salaam. Kutoka kwenye boksi la breka, bomba moja la milimita 25 limepanda juu ya dari na kukimbia mita kumi na kitu kuelekea vyumba vya nyuma. Ndani yake mna sakiti nne. Mbili ni za viyoyozi vya BTU 24,000, moja ni ya kiyoyozi cha BTU 18,000, na zote tatu zimevutwa kwa waya wa 2.5 na kupewa breka za ampea 20. Sakiti ya nne ni ya taa, kwa waya wa 1.5. Kwa macho kazi ni safi: bomba halijabana, nyaya zilipita bila kusukumwa, kila sakiti ina breka yake. Kupita kwa nyaya, hata hivyo, ni suala la nafasi tu. Bomba linaweza kuwa na nafasi ya kutosha kwa plastiki na lisiwe na nafasi kwa joto.

Kipimo cha kwanza ni joto la hewa, na hakipimwi sebuleni. Kipimajoto huwekwa juu ya dari, kando ya bomba bila kuligusa, katika saa ambayo viyoyozi vyote vinafanya kazi. Dar es Salaam ya mwezi Februari huwa na nyuzi 32 hivi nje kivulini, lakini chini ya mabati yaliyochakaa, penye dari iliyofungwa bila matundu ya hewa, nyuzi 50 si jambo la kushangaza. Kwa mfano huu kipimajoto kinaonyesha 50.

Kipimo cha pili ni mkondo. Kifaa chake ni mita ya klampu, ile yenye taya zinazofunguka na kuukumbatia waya bila kuukata. Taya lazima zikumbatie waya mmoja tu, wa moto au wa nyutro. Zikikumbatia yote miwili pamoja, mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana na mita husoma sifuri, kosa ambalo limewafanya wengi waamini kwamba sakiti haina mzigo. Kwa kuwa upimaji hufanyika ndani ya boksi la breka lililofunguliwa likiwa na umeme, ni kazi ya fundi. Usomaji wa sekunde ya kwanza nao haufai. Kompresa inapoamka huvuta mkondo mara kadhaa ya kawaida, kisha hutulia. Waya ndani ya bomba huchukua dakika nyingi kufikia joto lake la kudumu, kwa hiyo namba yenye maana ni ile inayoendelea kusomeka baada ya nusu saa au zaidi, vyumba vikiwa na watu na milango ikifunguliwa na kufungwa kama siku zote.

Katika bomba hili mita inasoma ampea 10.8 na 11.2 kwa viyoyozi vikubwa, 8.1 kwa kile kidogo, na 1.2 kwa taa, ambazo zote ni za LED.

Sasa hesabu. Sakiti zilizomo ni nne, lakini taa zinabeba kidogo mno. Kanuni inaruhusu sakiti isihesabiwe katika fungu kama inajulikana kwamba haitazidi asilimia 30 ya kiwango chake kilichopunguzwa. Waya wa 1.5 huanzia ampea 17.5. Ukipunguzwa kwa sakiti nne na kwa nyuzi 50 hubaki na ampea 8.1, na asilimia 30 yake ni 2.4. Taa za ampea 1.2 zinapita, na zinapita kwa sababu taa zilizofungwa darini haziongezeki zenyewe. Ingekuwa sakiti ya soketi, usomaji mdogo wa siku moja usingetosha kuitoa, maana mgeni wa kesho anaweza kuja na pasi na birika. Baada ya kuziondoa taa, fungu ni la sakiti tatu:

```
24 × 0.70 × 0.71 = 11.9
```

Waya ulioaminiwa kuwa wa ampea 24 una ampea 11.9 tu mahali ulipo. Mzigo mkubwa uliopimwa ni 11.2. Umo ndani ya kikomo, lakini kwa unywele.

Joto la shaba yenyewe linaweza kukadiriwa kwa kurudi kwenye kanuni ya mraba. Namba 24 ikizidishwa na 0.70 ya msongamano huwa 16.8, na huo ndio mkondo ambao katika fungu la sakiti tatu huongeza nyuzi 40 juu ya joto la hewa. Mkondo uliopimwa hugawanywa kwa 16.8, jibu hupigwa mraba, kisha huzidishwa na 40:

```
50 + 40 × (11.2 / 16.8)² = 67.8
```

Shaba ina nyuzi 68 hivi. Kwa hakika itakuwa pungufu kidogo, kwa sababu jedwali la msongamano huchukulia kwamba sakiti zote zimebeba sawasawa, na hapa ya tatu ina ampea 8 tu. Jibu la swali la mwanzo basi ni kwamba bomba hili lina haki ya kuwa la moto, na nyaya zake, kwa alasiri hiyo iliyopimwa, hazijavuka mpaka. Inafaa kutazama pia sehemu ya hewa katika jibu hilo. Kati ya nyuzi 68, hamsini zimeletwa na bati na 18 tu zimeletwa na umeme. Bomba hilohilo, lenye nyaya na ampea zilezile, likiwa Nairobi mahali penye hewa ya nyuzi 30, lingekuwa na shaba ya nyuzi 48, na hakuna ambaye angelipandia ngazi.

Kama mambo yangeishia hapo, bomba lingeachwa. Tatizo liko kwenye breka. Breka ya ampea 20 iliwekwa kuulinda waya, na waya huo sasa una uwezo wa ampea 11.9. Kati ya namba hizo mbili kuna pengo ambalo hakuna kinacholilinda. Tena breka ya nyumbani haikatiki mara tu inapofika ampea zilizoandikwa juu yake. Kiwango cha IEC 60898 kinaitaka isikatike ndani ya saa moja kwa mkondo wa mara 1.13, yaani ampea 22.6, na kwa mara 1.45, yaani ampea 29, iwe imekatika ndani ya saa moja. Breka hupima mkondo, na haina habari ya mabati, dari wala majirani waliomo bombani. Sakiti tatu hizi zikibeba ampea 20 kila moja, hesabu ileile inatoa nyuzi 107, na breka zote zitakaa kimya.

Mtu anaweza kusema kwamba kiyoyozi hakivuti ampea 20, na ana hoja. Lakini hakihitaji kufika huko. Mashine ya nje ikijaa vumbi na chumvi ya bahari, joto lake halitoki vizuri, shinikizo la gesi hupanda na kompresa huvuta zaidi. Volti za mtaani zikishuka jioni kutoka 230 hadi karibu 200, mota nyingi hufidia kwa kuongeza ampea. Mikondo ikipanda hadi 13, shaba hufika nyuzi 74, na kiwango kimevukwa kwa mashine ambazo mwenye nyumba anaziona zinapuliza baridi kama kawaida. Kipimo cha alasiri moja kinaeleza hali ya alasiri hiyo tu, na ndiyo sababu kanuni inataka uwezo wa waya baada ya kupunguzwa usiwe chini ya ampea za breka.

Nyuzi 74 haziwashi moto, na hapa ndipo kuna udanganyifu. Madhara yake ni ya pole pole. Kwa makadirio ya kawaida ya wataalamu, kila nyuzi 8 hadi 10 juu ya kikomo hupunguza maisha ya ganda la waya kwa nusu. PVC hupoteza mafuta yake ya kulainisha, hukauka, hubadilika rangi, na siku fundi anapoukunja waya kwenye boksi ganda hupasuka. Dalili hiyo huonekana kwanza kwenye nyaya za katikati ya fungu. Wakati wa ukaguzi ni vyema kuvuta sentimita chache za waya kutoka ndani ya bomba na kuukunja taratibu, kisha kuulinganisha na ncha yake iliyokuwa nje kwenye hewa ya boksi. Kama wa ndani ni mgumu kuliko wa nje, joto la muda mrefu limekwisha kufanya kazi yake, na nyaya hizo hazifai kuhamishiwa bomba jingine. Kama ugumu uko kwenye sentimita mbili za mwisho tu, mtuhumiwa ni skrubu.

Dawa ya kwanza inayofikiriwa na wengi ni kuweka waya mnene zaidi katika bomba lilelile. Waya wa 4 una ampea 32 za jedwali. Ukizidishwa na 0.70 na 0.71 hupata 15.9, ambayo haifiki hata breka ya 16, kwa tofauti ndogo ya kuudhi. Waya wa 6, wenye ampea 41, hupata 20.4 na hapo breka ya 20 inapata uhalali wake. Hivyo basi, kutunza bomba moja na breka za 20 kunadai shaba zaidi ya mara mbili, na kuna swali kama nyaya hizo nene zitaingia kwenye vituo vya soketi na swichi.

Kutenganisha ni rahisi zaidi. Kila kiyoyozi kikipewa bomba lake, namba ya msongamano hurudi kuwa moja, na waya wa 2.5 hupata ampea 17.0 hata chini ya bati la nyuzi 50. Breka ya 16 inatosha kwa mashine za ampea 11, mradi iwe ya aina ya C inayovumilia kompresa inapoamka. Shaba nayo hushuka hadi nyuzi 59. Mabomba mapya yasifungwe pamoja kwa kamba, kwani hapo msongamano umerudi kwa mlango wa nyuma. Yaachane, kwa kebo zilizo wazi, kanuni hulegeza pale nafasi inapozidi mara mbili ya kipenyo, na si vibaya kufuata desturi hiyohiyo kwa mabomba.

Njia ya tatu ni kulitoa bomba kwenye joto. Likishushwa ukutani chini ya kivuli cha ukumbi, penye nyuzi 35, sakiti mbili kwa bomba moja hupata 24 × 0.80 × 0.94, yaani ampea 18.0. Hiyo ni nzuri kuliko sakiti moja iliyoachwa juu ya dari, na inaonyesha ni kwa kiasi gani njia ya bomba ina uzito kuliko unene wa waya. Kutoboa matundu ya hewa kwenye mapaa husaidia pia, ingawa faida yake haipaswi kuingizwa katika hesabu mpaka kipimajoto kithibitishe.

Nyaya zenye ganda la XLPE, linalovumilia nyuzi 90, hutajwa mara nyingi kama suluhisho la mkato. Zina nafasi zaidi kweli: kwa hewa ya nyuzi 50, namba yao ya kupunguza ni 0.82 badala ya 0.71. Mpaka wake uko mwishoni mwa waya. Breka, soketi na swichi nyingi zimetengenezwa kwa nyaya za nyuzi 70, na shaba yenye nyuzi 90 huingia na joto lake kwenye vituo hivyo. Anayezitumia hulazimika kuzihesabu kwa kikomo cha nyuzi 70, isipokuwa vifaa vimeandikwa vinginevyo, na kinachobaki ni ganda linalostahimili zaidi siku mambo yakiharibika.

Baada ya marekebisho vipimo hurudiwa kwa saa ileile na mashine zilezile, kwa sababu bomba lililorekebishwa asubuhi ya Julai halijajaribiwa. Joto la darini, ampea za kila sakiti na idadi ya sakiti katika kila bomba huandikwa kwenye karatasi inayobandikwa ndani ya mlango wa boksi la breka. Atakayekuja kuongeza kiyoyozi cha nne ataona kwamba bomba lenye nafasi tupu halina ampea za ziada, na atavuta bomba jipya.